Kalenda ya ukutani, Kalenda ya Dunia, au mwaka wa wiki? Siku ya 365 lazima ibebwe na mtu

Kikundi chetu cha kuweka na kukopa, hapa Nkuhungu, Dodoma, kilianza kugombana kuhusu kalenda kwa sababu ya shilingi 986. Mama mmoja anayeuza mbogamboga alikuwa na mkopo wa milioni moja kwa riba ya asilimia 18 kwa mwaka. Mtaji angeurudisha mwisho wa mwaka, na kila robo alilipa riba peke yake. Robo ya Januari hadi Machi alilipa 44,384. Robo ya Julai hadi Septemba akadaiwa 45,370. Akasimama kikaoni na vitabu vyake viwili: "Deni ni lile lile, riba ni ile ile. Hii elfu moja kasoro imetoka wapi?"

Mimi ndiye mweka hazina, kwa hiyo swali lilikuwa langu. Jibu ni rahisi, ila halipendezi: tulikuwa tunahesabu riba kwa siku, shilingi 493 na senti kila siku, na Januari hadi Machi ina siku 90 wakati Julai hadi Septemba ina siku 92. Hakuna aliyeiba. Kalenda yenyewe ndiyo haikukatwa sawa.

Katibu wetu, kijana msomi, wiki iliyofuata alikuja na karatasi. Alikuwa amesoma kuhusu Kalenda ya Dunia, ile iliyopiganiwa kwa miaka mingi Geneva na New York, yenye robo nne zilizolingana. Akapendekeza tuitumie kwenye vitabu vyetu. Mwingine akasema tuhesabu wiki tu na tuachane na miezi. Nikapewa kazi ya kulinganisha. Haya ndiyo niliyoyaona, kwa yeyote mwenye kikundi, duka au shule anayejiuliza swali kama letu.

Kalenda ya Dunia inavyokaa

Nianze na hii kwa sababu ndiyo inayovutia zaidi kwenye karatasi. Chukua mwaka, ugawe robo nne. Kila robo ina miezi mitatu: wa kwanza siku 31, wa pili 30, wa tatu 30. Jumla siku 91, yaani wiki 13 kamili. Miezi inabaki 12 na majina yake yale yale. Februari inapata siku 30, nayo Machi, Mei na Agosti zinapoteza tarehe 31, wakati Aprili inaipata.

Kwa kuwa robo ni wiki kamili, kila robo inaanza siku ile ile. Januari, Aprili, Julai na Oktoba zote zinaanza Jumapili. Mwezi wa pili wa robo unaanza Jumatano, wa tatu Ijumaa. Ukijua hivyo umemaliza, kalenda moja inatosha maisha yote. Na kila mwezi ukiondoa Jumapili zake unabaki na siku 26 za kazi, kwani mwezi wa siku 31 una Jumapili tano na wa siku 30 una nne. Mtu anayelipa mishahara akiona hivyo anatabasamu.

Lakini 91 mara nne ni 364. Mwaka una siku 365, na mwaka mrefu 366. Siku iliyobaki inakwenda wapi? Wenye pendekezo walisema: iwekwe baada ya tarehe 30 Desemba, ambayo ni Jumamosi, na kabla ya Jumapili ya 1 Januari. Isihesabiwe katika wiki yoyote. Si Jumamosi, si Jumapili. Ni Siku ya Dunia, mapumziko kwa wanadamu wote. Mwaka mrefu ukifika, siku nyingine kama hiyo inawekwa baada ya tarehe 30 Juni, nayo pia kati ya Jumamosi na Jumapili. Siku hizi mbili nitaziita siku tupu.

Wazo lenyewe ni la zamani. Padri wa Kiitaliano, Marco Mastrofini, aliliandika mwaka 1834: siku 364 zilizo ndani ya wiki na ya ziada ikae nje. Aliyelibeba hadi likafika mezani kwa serikali za dunia ni mwanamke Mmarekani, Elisabeth Achelis, aliyeanzisha chama cha Kalenda ya Dunia mjini New York mwaka 1930 na kukiendesha kwa takriban miaka 25.

Katibu wetu alikuwa amekwisha kutupangia sikukuu zetu kwa kalenda hiyo, na hapo kikao kilicheka. Karume, 7 Aprili: Jumamosi. Saba Saba: Jumamosi. Siku ya Nyerere, 14 Oktoba: Jumamosi. Uhuru, 9 Desemba: Jumamosi. Daima. Dereva wa serikali aliyeko kwenye kikundi akauliza kama katibu ametumwa na waajiri. Nane Nane na Mei Mosi zingekuwa Jumatano milele, na Krismasi Jumatatu.

Robo zenyewe, kando kwa kando

Kabla ya kuingia kwenye ugomvi mkubwa, tazama idadi ya siku. Safu ya tatu ni njia ya wiki, nitaieleza mbele.

| Robo | Ya ukutani | Ya Dunia | Ya wiki |
|---|---|---|---|
| Jan–Mac | 90, au 91 mwaka mrefu | 91 | 91 |
| Apr–Jun | 91 | 91, au 92 mwaka mrefu | 91 |
| Jul–Sep | 92 | 91 | 91 |
| Okt–Des | 92 | 92 ukihesabu Siku ya Dunia | 91, au 98 mwaka wa wiki 53 |

Angalia mstari wa mwisho vizuri. Hata Kalenda ya Dunia haina robo nne sawa, ina robo nne sawa na siku moja iliyofichwa nyuma ya pazia. Mama wa mbogamboga akilala na deni usiku wa 30 Desemba, akaamka Siku ya Dunia, akalala tena, akaamka 1 Januari, je, ile siku ya katikati inazaa riba? Ukisema ndiyo, robo ya mwisho ina siku 92 na ugomvi umerudi kwa mlango wa nyuma. Ukisema hapana, mkopeshaji ametoa siku bure. Mlinzi wa usiku naye alipwe kwa siku gani, kama si siku ya wiki? Hapo ndipo nilipoelewa kwamba siku ya 365 haifutiki. Kila kalenda inachagua tu nani aibebe. Ile ya ukutani inaitawanya kwenye miezi mirefu na mifupi. Ya Dunia inaitoa nje ya hesabu.

Kwa Dodoma kuna kichekesho kingine. Mwaka wa fedha wa serikali unafungwa 30 Juni. Siku tupu ya mwaka mrefu inakaa hapo hapo, kati ya 30 Juni na 1 Julai. Mhasibu wa wizara angekuwa na siku nzima isiyojulikana ni ya bajeti iliyokufa au iliyozaliwa. Sheria moja fupi ingetosha kulimaliza hilo, sikatai.

Kwa nini ilikataliwa

Watu wengi hudhani mambo kama haya hufa kwa uvivu: dunia imezoea, basi. Uvivu ulikuwepo. Lakini ukifuata safari yake, utaona kuwa kilichoiua kinatajika, nacho ni ile siku tupu.

Ligi ya Mataifa iliunda kamati ya kuchunguza marekebisho ya kalenda mwaka 1923, ikapokea mapendekezo zaidi ya mia. Yaliyobaki na nguvu ni mawili: hili la miezi 12, na jingine la miezi 13 ya siku 28 lililobuniwa na Moses Cotsworth na kufadhiliwa na George Eastman wa kampuni ya kamera ya Kodak. Yote mawili yalikuwa na siku tupu. Mkutano mkubwa ukafanyika Geneva mwezi Oktoba 1931. Rabi mkuu wa Wayahudi wa Dola ya Uingereza, Joseph Hertz, alikwenda kupinga. Wasabato nao walipeleka wajumbe. Hawakuwa na shida na Februari ya siku 30. Shida yao ilikuwa siku ya nane.

Mkutano ule haukupitisha kitu. Mwaka 1937 Chile ilipeleka rasimu ya mkataba, serikali hazikuitikia vya kutosha, kisha vita vikaja. Baada ya vita hoja ikahamia Umoja wa Mataifa. India ndiyo iliyoisukuma kwa nguvu mwaka 1953, na Baraza la Uchumi na Jamii likaomba maoni ya serikali zote. Mwaka 1955 Marekani ikajibu kwamba haiungi mkono hatua yoyote, kwa kuwa raia wake wengi wanapinga kwa sababu za dini: siku tupu ingevunja mzunguko wa siku saba. Mwaka 1956 Baraza likaiweka hoja kando bila kutaja tarehe ya kuirudia. Haijarudi.

Wenye pendekezo walikuwa wamelenga ianze 1 Januari 1961, kwa sababu siku hiyo ilikuwa Jumapili kwa kalenda zote mbili na hakuna ambaye angehisi mshtuko. Hebu tufanye kama ilianza kweli, tuone mshtuko ungekuja lini.

Mwaka 1961 wote ungepita salama. Tarehe 9 Desemba 1961, Tanganyika inapata uhuru, ni Jumamosi kwa kalenda ya ukutani na ni Jumamosi kwa Kalenda ya Dunia. Kisha inafika siku ya mwisho ya mwaka. Kwa hesabu ya zamani ni Jumapili. Kwa hesabu mpya haina jina. Kesho yake, kwa zamani Jumatatu, kwa mpya Jumapili. Tangu hapo hesabu mbili zimepishana siku moja, mwaka mzima. Muislamu anayehesabu siku saba kutoka swala ya Ijumaa iliyopita, kama babu zake walivyohesabu, mwaka 1962 angejikuta anakwenda msikitini siku ambayo ofisi na shule zinaiita Alhamisi. Mwaka 1963 ingeitwa Jumatano. Mwaka 1964 ni mrefu, una siku tupu mbili: hadi Juni ingeitwa Jumanne, kuanzia Julai Jumatatu. 1965 Jumapili. 1966 Jumamosi. 1967 majina yangekutana tena, na mwendo ungeanza upya.

Nilimpelekea hesabu hiyo mzee mmoja Msabato aliye kwenye kikundi. Akaipigia ya kwake palepale: Sabato yake mwaka wa pili ingeitwa Ijumaa, wa tatu Alhamisi, wa nne Jumatano na katikati ya mwaka Jumanne. Akavua miwani. "Mwanangu, leo nikimwombea mjukuu wangu ruhusa ya mtihani wa Jumamosi, mwalimu anaweza kukataa, lakini ananielewa. Nikimwambia Sabato yetu mwaka huu ni Jumatano, ila Julai itakuwa Jumanne, atanielewa?"

Shikamoo mzee. Ndivyo walivyosema wale wa Geneva pia. Wapigania mageuzi walijibu kwamba kila dini ingeendelea kuhesabu yenyewe. Ni kweli ingeweza. Lakini bei yote ya usumbufu ingelipwa na wenye dini, kila wiki, kazini, shuleni na mahakamani, ili wahasibu wapate robo nzuri. Na usidhani Wakristo wa Jumapili walikuwa nje ya jambo hili. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, mwaka 1963, ulisema Kanisa Katoliki halipingi kalenda ya kudumu, mradi ilinde wiki ya siku saba pamoja na Jumapili, bila kuingiza siku zilizo nje ya wiki. Maana yake: badilisheni miezi mtakavyo, wiki iacheni.

Watu husahau kwamba hata Papa Gregori hakuigusa wiki. Mwaka 1582 aliondoa siku kumi nzima kwenye kalenda, lakini Alhamisi ya 4 Oktoba ilifuatwa na Ijumaa ya 15 Oktoba. Tarehe iliruka, siku haikuruka.

Na sisi Waswahili lugha yetu ingelia kwa sauti kuliko nyingine. Majina yetu ya siku ni hesabu inayoanza baada ya Ijumaa: Jumamosi ni ya kwanza, Jumapili ya pili, Jumatatu, Jumanne, Jumatano. Siku tupu zote mbili zinakaa kati ya Jumamosi na Jumapili, yaani kati ya mosi na pili. Jaribu kumfundisha mtoto kuhesabu: moja, halafu kuna moja isiyo na jina, halafu mbili.

Kuna mtu alinibishia kwamba pwani wanayo siku tupu tangu zamani. Kweli: mwaka wa Nairuzi, wa wavuvi na wakulima wa pwani, unahesabiwa kwa miongo ya siku kumi kumi. Miongo 36 ni siku 360, na siku tano za mwisho hazimo katika mwongo wowote. Lakini mwongo na wiki ni mito miwili. Siku tano zile ziko nje ya mwongo, haziko nje ya wiki. Ijumaa ikiangukia humo bado ni Ijumaa na watu wanaswali. Laiti wenye Kalenda ya Dunia wangetenganisha mambo hivyo, sidhani kama Hertz angepanda treni.

Sababu ya pili ya kukataliwa ni ndogo lakini inakuhusu wewe unayechagua: kalenda hii haijaribiki nyumbani. Kodak ilitumia vipindi 13 katika mahesabu yake ya ndani tangu 1928 hadi 1989, huku nje ya lango watu wakiishi na miezi 12 kama kawaida. Kalenda ya Dunia nayo unaweza kuitumia ndani, ila baada ya siku tupu ya kwanza tu Jumapili yako itakuwa Jumatatu ya jirani. Mnada wa Msalato, unaofanyika Jumamosi, hauna dini juu ya hesabu ya siku saba. Ng'ombe, wachoma nyama na wanunuzi wanachohitaji ni kukubaliana siku. Wote wakihama pamoja, mnada unaendelea. Mmoja akihama peke yake, anakuta uwanja mtupu na vumbi.

Njia ya wiki: kuweka akiba siku hadi zifike saba

Hii haihitaji ruhusa ya Geneva. Unagawa mwaka kwa wiki 52, robo ni wiki 13, siku 91. Ile siku ya 365, na ya 366, huiachi nje ya wiki. Unaiacha ijikusanye. Kila baada ya miaka mitano au sita zimetimia siku saba, unaongeza wiki nzima mwishoni, na mwaka huo una wiki 53. Sisi wa vikundi tunaielewa haraka: ni akiba ndogo ndogo inayogawanywa siku ikitimia.

Utaratibu huu upo tayari kwenye kiwango cha kimataifa cha tarehe, ISO 8601. Wiki inaanza Jumatatu, na wiki ya kwanza ya mwaka ni ile yenye Alhamisi ya kwanza ya Januari. Mwaka 2026 una wiki 53. Unaanza Jumatatu 29 Desemba 2025, robo ya pili inaanza 30 Machi, ya tatu 29 Juni, ya nne 28 Septemba, na mwaka unakwisha Jumapili 3 Januari 2027. Robo ya nne ina wiki 14.

Hakuna Ijumaa iliyobadilishwa jina, hakuna Sabato iliyohama. Bei yake ni nyingine: Mwaka Mpya wa vitabu haukai tarehe 1 Januari, unayumba siku chache huku na huku, na miezi haina maana tena katika robo. Mkulima wa zabibu wa Mpunguzi aliye kwenye kikundi hakuona shida, mizabibu yake haijawahi kumuuliza tarehe. Aliyeona shida ni dereva wa serikali, kwa sababu mshahara wake unakuja kwa mwezi.

Kwenye kompyuta, kwa programu ya majedwali kama Excel, ukiwa na tarehe kwenye kisanduku A2, mwaka wa wiki na robo yake unavipata hivi:

```
=YEAR(A2-WEEKDAY(A2,2)+4)
=MIN(4,ROUNDUP(ISOWEEKNUM(A2)/13,0))
```

Mstari wa kwanza usiuache. Tarehe 1 Januari 2027 iko kwenye wiki ya 53 ya mwaka 2026, na ukitumia mwaka wa kawaida mchango wa siku hiyo utaandikwa robo ya nne ya 2027, miezi tisa kabla haijafika. Dalili ya kosa hili ni rahisi kuiona: robo ya nne ya mwaka ambao ndiyo kwanza umeanza inaonyesha tayari ina fedha. Kalenda ya Dunia haina hata fomula hiyo. Programu zote zinahesabu siku ya wiki kwa kugawa kwa saba bila kuruka, kwa hiyo kila kitu ungeandika mwenyewe.

Tulivyochagua

Nilipomaliza, niligundua tulikuwa na maswali mawili na tulikuwa tunayatafutia dawa moja.

La kwanza ni riba. Hili, niseme ukweli na nijilaumu mwenyewe, halikuhitaji kalenda mpya. Asilimia 18 ukiigawa kwa nne ni asilimia 4.5, na kwa milioni moja ni shilingi 45,000 kila robo, iwe ina siku 90 au 92. Kosa lilikuwa kutoza kwa siku mkopo unaolipwa kwa robo. Kama mikopo yenu ni ya miezi kamili, kaeni na kalenda ya ukutani, tozeni kwa robo au kwa mwezi, mmemaliza. Mkataba, kodi ya pango na ada ya shule vyote vinasoma kalenda hiyo, na mahakama pia. Mkiwa na mikopo inayoanza na kuisha katikati ya mwezi, hapo hesabu ya siku ndiyo haki, na mkopaji aelezwe mapema kwa nini Julai ni ghali kuliko Februari.

La pili ni michango. Sisi tunachanga kila Jumapili alasiri, shilingi 10,000 kwa hisa. Kalenda ya ukutani hapa inatuumiza kweli. Robo ya Januari hadi Machi 2018 ilikuwa na Jumapili 12. Robo ya Oktoba hadi Desemba 2023 ilikuwa na Jumapili 14, ya kwanza tarehe 1 Oktoba na ya mwisho tarehe 31 Desemba. Mwanachama yule yule, bila kukosa hata wiki moja, anaonekana ameweka 120,000 robo moja na 140,000 nyingine. Ukilinganisha robo na robo unaweza kusema kikundi kinakua wakati kilichokua ni idadi ya Jumapili. Kalenda ya Dunia ingelitatua hili vizuri sana, Jumapili 13 kila robo bila kukosa. Njia ya wiki nayo inatoa 13, isipokuwa 14 katika robo moja kila miaka mitano au sita, na robo hiyo unaijua miaka mapema.

Kwa hiyo daftari la michango sasa linakwenda kwa wiki 13, na daftari la mikopo linakwenda kwa miezi ya ukutani. Madaftari mawili, kalenda mbili, na yanakutana mara moja tu kwa mwaka, wakati wa kugawana. Wengine wataona ni usumbufu. Mimi naona ni afadhali kuliko kulazimisha moja ifanye kazi ya nyingine.

Tulibishana sana kuhusu wiki ya 53. Mchango wa wiki hiyo uingie mgao wa mwaka unaokwisha, au uwe akiba ya kufungulia mwaka mpya? Katibu, ambaye bado ana huzuni kidogo na karatasi yake, alipendekeza tuifanye wiki ya mapumziko, bila mchango wala faini. Mzee Msabato akamwambia, "Unaona? Hata wewe umeirudisha siku yako tupu, ila umeipa ndugu sita." Tukapiga kura. Mchango unaendelea na unaingia mwaka unaokwisha, kwa hiyo mgao wetu utakuwa baada ya Jumapili ya 3 Januari 2027, na mama wa mbogamboga ameshauliza kama siku hiyo ofisi ya benki tunakotoa fedha itakuwa imefunguliwa. Ni Jumapili. Tutagawana Jumatatu.